Je, wajua? Tabaka la nne la gamba la ubongo hunona nyuma ya mfereji wa kati na kukonda mbele yake

*"Maabara tumeonyeshwa slaidi mbili za gamba la ubongo, moja ya sehemu ya mwendo, nyingine ya sehemu ya hisia. Ubongo ni wa mtu mmoja. Mbona hazifanani hata kidogo?" Mwanafunzi wa udaktari, Upanga, Dar es Salaam.*

Kwa sababu kila sehemu hukuza zaidi tabaka linalofanya kazi yake. Sehemu ya hisia hupokea sana, na tabaka lake la kupokea limejaa seli. Sehemu ya mwendo hutuma amri mbali, kwa hiyo seli zake za kutuma ni kubwa mno.

Chukua konda wa daladala la Mbagala anayetafuta sarafu ya shilingi 200 mfukoni bila kutazama. Mguso wa kidole hupanda kwa uti wa mgongo hadi thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, na kutoka hapo huingia kwenye gamba la hisia, nyuma tu ya mfereji wa kati, bonde linalotenganisha sehemu ya hisia na ile ya mwendo. Gamba hilo lina matabaka 6, yakihesabiwa kutoka juu kwenda ndani. Nyuzi za thalamasi huishia zaidi tabaka la 4. Seli za huko ni ndogo, nyingi hazizidi mikromita 10 hivi, na zimesongamana kama ufuta uliomwagwa. Udogo wake una maana: aksoni zake, yaani nyuzi za kutuma ujumbe, ni fupi, kwani kazi yake ni kupokea na kukabidhi kwa jirani, hasa tabaka la 3 lililo juu yake.

Matabaka ya 2 na 3 ndiyo yanayozungumza na maeneo mengine ya gamba, pamoja na nusu ya pili ya ubongo. Taarifa ya sarafu huvuka kwa njia hiyo hadi gamba la mwendo, mbele ya mfereji. Huko hushuka tabaka la 5, na amri ya kukunja kidole huanza safari. Tabaka la 6 nalo hurudisha ujumbe thalamasi, likisaidia kurekebisha kinachoruhusiwa kupanda.

Seli ya tabaka la 5 inayoongoza vidole vya mguu inabidi ipeleke aksoni hadi chini ya mgongo, zaidi ya nusu mita kwa mtu mzima. Protini karibu zote za waya huo hutengenezwa kwenye mwili wa seli, ndiyo maana mwili wenyewe ni mkubwa. Vladimir Betz alizieleza seli hizi mwaka 1874, na kubwa zake hufika mikromita 100. Usidhani ndizo zinazobeba amri zote, lakini: nyuzi nyingi zinazoshuka uti wa mgongo hutoka kwenye seli za piramidi za kawaida zilizo kando yake.

Sasa rudi kwenye slaidi. Rangi ya Nissl, mathalani kresili vayoleti, hushika raibosomu, vitengeneza protini vya seli, kwa hiyo inakuonyesha miili ya seli wala si waya zake. Nyuma ya mfereji utaona gamba jembamba, milimita 2 hivi, lenye ukanda mzito wa punje za zambarau, ndilo tabaka la 4. Mbele yake gamba hufika takriban milimita 4, seli zimeachana kwa sababu dendraiti, matawi ya seli yanayopokea ujumbe, na nyuzi zimejaza nafasi kati yake, na ukanda wa punje hauonekani. Vitabu husema sehemu ya mwendo haina tabaka la 4. Hiyo ni kusema kwa haraka mno. Korbinian Brodmann, aliyechora ramani yake ya gamba mwaka 1909, alionyesha kwamba kwa kijusi tabaka hilo lipo, kisha hufifia ubongo unapokomaa.

Ukitaka kuyaona yote mawili pamoja, kata kipande kinachovuka mfereji wa kati kwa pembe mraba. Kisu kikienda mshazari, gamba jembamba litaonekana nene, na utaiita hisia kuwa mwendo. Dalili ya kosa hilo ni kwamba hata tabaka la 1, ambalo karibu halina seli, limenenepa, na dendraiti ndefu za seli za piramidi zimekatwa njiani badala ya kupanda moja kwa moja.

Kosa la pili ni la joto, na Dar tunalijua. Ubongo ukichelewa kuingia kwenye fomalini, raibosomu huharibika na seli hupauka. Slaidi iliyopauka hivyo inaweza kukudanganya kwamba tabaka la 4 halipo. Tazama seli za tabaka la 5 kwenye slaidi hiyohiyo: nazo zikiwa zimefifia, lawama ni ya utayarishaji. Na usitafute mstari mkali kati ya sehemu hizi mbili. Chini kabisa ya mfereji kuna eneo la mpito liitwalo 3a, ambako punje zinaanza kujitokeza huku seli kubwa za piramidi bado zipo chini yake.