Mega ikisoma 0.01: namba inayobishaniwa katika nyaya za zamani

Tangu tuanze zoezi la kukagua nyumba zenye nyaya kuukuu, malalamiko mengi yanayofika mezani kwetu yanahusu namba. Mwenye nyumba anashika fomu yetu, anaona saketi moja imeandikwa 0.01 na nyingine 35, anauliza: "Hii ndogo si ndiyo nzuri? Mbona mmeifunga?" Mwingine anakuja na fundi wake aliyepima kwa multimita akakuta kila kitu kiko sawa, anataka tufute ripoti. Hoja hizi zote mbili tunazisikia kila wiki, na kwa kweli ile ya multimita imeanza kutuchosha.

Tuanze na hiyo. Multimita inapopima ukinzani hutumia betri yake ndogo, volti chache tu. Mega, yaani kipima insulesheni, husukuma volti 500 za mkondo mnyoofu kwenye waya na kuangalia ni kiasi gani kinachopenya insulesheni na kutokea upande wa pili. Kinachopenya kikiwa kidogo, namba huwa kubwa. Ndiyo maana 35 ni afya na 0.01 ni ugonjwa: namba hizo ni megaohmu, na kila moja ni ohmu milioni moja. Kuna ufa au unyevu ambao volti tatu haziwezi kuuvuka lakini volti 500 zinauvuka. Nyaya zako zinabeba volti 230 usiku na mchana, kwa hiyo kipimo cha betri hakijazijaribu hata kidogo.

Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364-6 kinataka saketi ya kawaida ya nyumbani isome angalau megaohmu 1 kwa kipimo cha volti 500. Mafundi waliosoma zamani wanakumbuka 0.5, na bado wanabishana nasi kwa hiyo. Waya mpya wa plastiki uliofungwa vizuri husoma mamia, na mara nyingi kioo huandika tu kwamba umepita upeo wa kifaa. Kwa hiyo saketi inayosoma 1.2 imefaulu kwa karatasi, lakini fundi mzuri haondoki. Anauliza kwa nini si 200.

Sasa nieleze kisa kimoja, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu tunachobishania.

Nyumba ilikuwa na nyaya za mpira zilizopita ndani ya paipu za chuma, aina iliyofungwa sana kabla plastiki haijaenea. Breka ya uvujaji, ile yenye kitufe cha kujaribia, ilikuwa inaanguka alfajiri siku za mvua. Mwenye nyumba alilaumu friji, akanunua nyingine. Kisha akailaumu breka yenyewe na kuomba iondolewe. Naomba hili lieleweke: breka ya uvujaji inapoanguka inakuletea habari, na kuiondoa ni kumfukuza mleta habari huku moshi unaingia dirishani.

Tulifika asubuhi baada ya mvua ya usiku. Utaratibu hauna njia ya mkato. Meni swichi inazimwa na kufungwa kwa kufuli, ufunguo unakaa mfukoni mwa anayepima. Testa ya volti inajaribiwa kwanza mahali penye umeme, inatumika kuthibitisha bodi imekufa, halafu inajaribiwa tena pale pale penye umeme, maana testa iliyokufa nayo haioni volti. Vyombo vyote vinachomolewa kwenye soketi. Balbu zote zinatolewa. Balbu moja ya kizamani ikibaki kwenye holda, mega itasoma karibu sifuri kati ya moto na nyutro, nawe utatafuta hitilafu isiyokuwepo mpaka jioni. Dimma, taimu za taa na vizuia radi vinatenganishwa, kwa sababu volti 500 zinaweza kuviua au vyenyewe vikaharibu kipimo. Kisichowezekana kutenganishwa, tunafunga moto na nyutro pamoja na kupima pande hizo mbili dhidi ya ethi peke yake. Swichi zote za taa zinawashwa. Waya za mega zinagusanishwa kwanza, isome sifuri, kisha zinaachanishwa, isome upeo. Na hakuna mtu anayegusa waya popote ndani ya nyumba wakati kitufe kimebonyezwa, wala mara tu baada ya hapo, kwa kuwa nyaya ndefu hubaki na chaji kidogo mpaka mega iimwage.

Tulipima bodi nzima kwa mkupuo mmoja: 0.01. Hapo ndipo wengi hushtuka na kutangaza kwamba nyumba yote inabomolewa nyaya. Si lazima. Saketi zikiungana kwenye bodi huvuja kwa pamoja, na iliyo mbovu kupita zote huziburuta nyingine chini. Tukazitenganisha moja moja. Soketi za vyumbani zilisoma 60, jiko 35, taa za ndani 12. Saketi ya pili ya taa, inayokwenda nyuma ya nyumba na barazani, ilisoma 0.01. Saketi tatu hazikuwa na kosa lolote la kuvuja. Namba ya bodi nzima ilikuwa ni ya mgonjwa mmoja.

Kwenye hiyo saketi ya pili tulijaza safu zetu tatu. Moto na nyutro: 8. Nyutro na ethi: 9. Moto na ethi: 0.01. Hapa fomu inaanza kuzungumza. Unyevu ulioenea kwenye paipu yote ungeshusha safu zote kwa pamoja. Safu moja tu ikianguka, ujue kuna mahali pamoja ambapo waya wa moto umegusana na kitu cha chuma au maji. Tukazima swichi za taa moja moja huku mega ikisoma. Ya stoo, hakuna kilichobadilika. Ya choo, vivyo hivyo. Ya baraza ilipozimwa tu, namba iliruka kutoka 0.01 hadi 6. Kosa lilikuwa baada ya swichi hiyo, yaani kwenye kipande kifupi cha waya na taa ya ukutani, na hatukuwa tumefumua hata tofali moja.

Taa ilifunguliwa. Ndani mlikuwa na maji ya kiasi cha kijiko, kutu ya kahawia, na waya wa moto uliokuwa umekaa juu ya bati la ethi kwa miaka. Kwa 0.01 ile, yaani ohmu elfu 10, volti 230 huvujisha miliampea 23. Breka ya miliampea 30 inaruhusiwa kuanguka popote baada ya kufika 15. Kwa hiyo ilikuwa inafanya kazi yake barabara, kila taa ya baraza ilipoachwa inawaka usiku wa mvua. Friji ya kwanza haikuwa na hatia.

Mpaka hapo mwenye nyumba alifurahi, akasema tubadilishe taa, tumpe cheti. Huo ndio ugomvi wa pili. Saketi bila taa ile ilisoma 6, na 6 imepita 1. Lakini tulipovuta waya kidogo kutoka kwenye paipu ili kuona urefu uliobaki, mpira ulikatika kama ganda la yai. Nilipoukunja kwa vidole viwili, uliachia shaba tupu ya urefu wa nusu kidole. Mpira mkavu uliopasuka bado ni insulesheni maadamu haujaguswa, haujalowa, na nyaya mbili hazijakaribiana. Mega hupima kinachovuja saa hiyo. Haipimi kitakachodondoka mtu akibadilisha holda mwezi ujao. Kwa nyaya za mpira tunaangalia namba, halafu tunakunja waya kwenye ncha mbili tatu, na kama unamumunyuka, namba nzuri haiuokoi. Tuliandika "ibadilishwe", tukaweka lebo kwenye fyuzi ya saketi hiyo.

Kuhusu lebo, nieleze kwa kirefu kwa sababu inadharauliwa. Saketi iliyofungwa na mkaguzi hairudishwi na mwenye nyumba wala na fundi wake kwa makubaliano ya mdomo. Fundi mwenye leseni anafanya marekebisho, anajaza fomu yake ikiwa na volti ya kupimia, safu tatu, tarehe na hali ya hewa ya siku hiyo, ndipo mkaguzi anarudi kupima tena na kuondoa lebo mwenyewe. Kuing'oa lebo kabla ya hapo ni kosa kwa mwenye nyumba, na kwa fundi ni suala la leseni yake. Hali ya hewa tunaiandika kwa sababu maalumu. Mchana ule ule, jua lilipoikausha taa tuliyoiacha wazi, moto na ethi ilisoma 3. Angekuja mkaguzi saa tisa alasiri kiangazi, angeipitisha. Ndiyo sababu nyumba inayolalamikiwa wakati wa mvua tunapenda kuipima wakati wa mvua, hata kama miadi hiyo inakuudhi.

Safu ya moto na nyutro nayo isidharauliwe, maana breka ya uvujaji haioni hitilafu ya hapo kabisa. Mkondo unaokwenda na waya wa moto na kurudi na nyutro kwake ni matumizi ya kawaida. Njia ya ohmu elfu 5 kati ya nyaya hizo mbili hutoa joto la wati 10 hivi mahali padogo, kwenye mbao za dari, bila fyuzi wala breka kujua lolote. Safu hiyo ikiwa ndogo na balbu zimetolewa zote, hatusubiri mvua.

Tulirudi kwenye nyumba ile baada ya fundi kupitisha waya mpya wa plastiki. Alitukabidhi fomu yenye upeo wa kifaa kwenye safu zote tatu. Tukapima, ikawa kweli. Kisha nikamwomba awashe swichi ya baraza, ambayo alikuwa ameiacha imezimwa. Bila swichi kuwashwa, mega ilikuwa ikipima waya wa moto hadi ukutani tu, na waya wa moto wa kipande kipya chote cha nje ulikuwa haujaguswa na kipimo. Ilipowashwa, moto na ethi ilishuka hadi 380. Namba hiyo ndiyo iliyoingia kwenye cheti.