Urari uko sawa, lakini deni la mteja si sahihi: dhana potofu kuhusu akaunti za udhibiti

Dhana: akaunti ya udhibiti ni jumla ya salio za wateja

Nimeikuta dhana hii hata kwa watunza vitabu wa miaka mingi. Mwisho wa mwezi mtu hufungua leja ya wadaiwa, hujumlisha salio la kila mteja, huandika jumla hiyo kwenye leja kuu na kuiita akaunti ya udhibiti. Bila shaka zinalingana. Tarakimu imenakiliwa kutoka huko huko inakotakiwa kupimwa.

Ukweli ni kwamba taarifa hiyo hiyo inatakiwa ipite njia mbili. Ankara ya mkopo huandikwa kwanza kwenye jarida la mauzo. Kutoka hapo kila ankara huhamishiwa peke yake kwenye ukurasa wa mteja wake, ndani ya leja ya wadaiwa. Akaunti ya udhibiti, iliyo ndani ya leja kuu, haizijui ankara hizo moja moja. Hupokea jumla ya jarida kwa mwezi mzima. Vivyo hivyo, malipo ya mteja huingia kwenye ukurasa wake kwa kiasi chake, na jumla ya safu ya wadaiwa kwenye daftari la fedha ndiyo huingia kwenye udhibiti. Mauzo ya taslimu hayaingii kabisa, kwa kuwa hayakumfanya mtu yeyote awe mdaiwa. Upande wa wadai mpango ni ule ule, ila pande zimegeuka: ununuzi wa mkopo huongeza krediti, malipo hupunguza kwa debiti.

Njia mbili zikifika mahali pamoja zikiwa na tarakimu moja, hapo ndipo una ushahidi. Ni bora zaidi ikiwa anayetunza leja ya wadaiwa si yule anayetunza leja kuu.

Dhana: urari ukilingana, kosa halipo, na udhibiti na leja ya wadaiwa zikipishana, kosa liko kwa wateja

Hizi ni dhana mbili, lakini mfano mmoja unazitosha. Tuchukue duka la jumla la vifaa vya ujenzi, hesabu za mwezi mmoja, kwa shilingi. Wadaiwa walianza mwezi na 4,200,000. Mauzo ya mkopo kwa mujibu wa jarida ni 9,650,000. Wateja walilipa 7,800,000, walirudisha bidhaa za 350,000, walipewa punguzo la 120,000, na deni la 180,000 likafutwa kwa kuwa halilipiki. Akaunti ya udhibiti inafunga kwa 5,400,000.

Urari, yaani orodha ya salio zote za leja kuu, ukasimama vizuri, debiti na krediti sawa. Orodha ya salio za wateja, ilipojumlishwa, ikatoa 5,880,000. Tofauti ni 480,000.

Wengi hapa hukimbilia kurasa za wateja. Mimi huanza na udhibiti, kwa sababu una maingizo machache ya kukagua. Kujumlisha upya jarida la mauzo kulionyesha kwamba ukurasa mmoja ulipungukiwa 100,000. Mauzo halisi ni 9,750,000. Urari usingeweza kuliona kosa hilo: jumla ile ile pungufu iliingia debiti kwenye wadaiwa na krediti kwenye mauzo, pande zote zikapungua pamoja.

Kosa la pili lilikuwa la fundi mmoja anayenunua dukani na pia kuliuzia mbao. Walikubaliana kufidiana 160,000, yaani duka lisimlipe naye asilipe. Karani aliandika hivyo kwenye kurasa zake mbili, ya mdaiwa na ya mdai, lakini hakuna aliyeandika kwenye akaunti za udhibiti. Hapo pia urari hutulia, kwa kuwa ilitakiwa debiti kwenye udhibiti wa wadai na krediti kwenye udhibiti wa wadaiwa, na zote mbili zilikosekana. Kosa hili lina faida moja kwa mkaguzi: huacha tofauti ya kiasi kile kile kwenye wadaiwa na kwenye wadai. Ukiona 160,000 inajirudia pande zote mbili, tafuta mfidiano.

Udhibiti uliosahihishwa ni 5,400,000, ongeza 100,000, toa 160,000: yaani 5,340,000. Tofauti na orodha sasa ni 540,000. Imekua badala ya kupungua, na wapo ambao hapa hukata tamaa na kufuta masahihisho yao. Lakini tofauti ya mwanzo ilikuwa mchanganyiko wa makosa yaliyofunikana. Hii ya sasa ndiyo safi.

Tofauti safi huzungumza. Igawe kwa 2: 270,000. Kiasi kilichoandikwa upande usio wake hupotosha salio mara mbili, kwa hiyo natafuta malipo ya 270,000 kwenye daftari la fedha. Yapo, na kwenye ukurasa wa mteja yameandikwa debiti, kana kwamba amekopa tena. Kama yasingekuwapo, ningejaribu kugawa kwa 9. Tofauti inayogawanyika kwa 9 bila kubaki huashiria tarakimu zilizopishana nafasi, kama 630,000 kuandikwa 360,000. Tofauti ya 540,000 hugawanyika kwa 9 pia, ndiyo maana dalili hizi ni za kuanzia tu. Hati yenyewe ndiyo huamua.

Urari nao haukuliona kosa hilo la ukurasa wa mteja. Pale ambapo akaunti ya udhibiti ndiyo iliyo kwenye leja kuu, leja ya wadaiwa hukaa nje ya urari, ikiwa kumbukumbu ya nani anadaiwa nini.

Dhana: udhibiti na leja ya wadaiwa zikilingana, leja hiyo ni safi

Malipo ya mteja mmoja yakiandikwa kwa mwingine, jumla haibadiliki hata senti. Ankara isiyoingia jarida lolote haipo kwenye njia yoyote kati ya hizo mbili, na iliyoandikwa kwenye jarida kwa kiasi kisicho sahihi husafiri na kosa lake kote.

Mbaya zaidi ni karani anayekula malipo ya mteja wa kwanza, akaziba kwa fedha ya wa pili, na ya pili kwa ya tatu. Fedha zinazoandikwa ni zile zile kwenye udhibiti na kwenye leja, hivyo ulinganisho unapita kila mwezi. Humwona kwa tarehe: stakabadhi ya mteja inatangulia siku kadhaa kabla ya ukurasa wake kuonyesha malipo, na anapokuwa likizoni simu za malalamiko huanza. Dawa yake ni taarifa ya hesabu kumfikia mteja bila kupitia mikononi mwa karani huyo. Kwa wadai, kazi hiyo hufanywa na taarifa inayoletwa na muuzaji, ambayo ndiyo hufichua ankara yake uliyoisahau kabisa.

Dhana: programu ya kompyuta imemaliza haya

Programu huhamisha ankara kwenye leja zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo makosa ya kujumlisha yamekwisha kweli. Kinachobaki ni ingizo la mkono linalopigwa moja kwa moja kwenye akaunti ya udhibiti bila jina la mteja. SAP huzuia ingizo la aina hiyo kwenye akaunti za namna hii; baadhi ya programu nyingine huliruhusu. Tofauti ikijitokeza, angalia kwanza kama ripoti ya wadaiwa na leja kuu zimetolewa kwa tarehe moja, kisha chuja maingizo ya mkono ya akaunti hiyo. Mara nyingi hubaki mistari miwili au mitatu ya kukagua.