Barua ya kuomba kulipa deni la kodi kwa awamu, na ile tarakimu inayoibeba

Fundi samani mmoja alinijia akiwa na barua aliyokwisha kuiandika mwenyewe. Kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulieleza mkataba mkubwa ambao mteja alichelewa kuulipa, ukurasa wa pili ugonjwa katika familia, na mwisho kabisa: "Naomba mnivumilie, nitalipa hali itakaporuhusu." Yote yalikuwa kweli. Lakini nilimwambia asiipeleke, kwa sababu afisa wa madeni hana pa kuiandika "hali itakaporuhusu". Fomu yake inamdai kiasi, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza. Asipoyakuta hayo, barua inakaa kwenye jalada huku riba ikiendelea kuhesabiwa.

Kazi yangu ni ushauri wa kodi, na barua za namna hii nimeziandika nyingi. Ninayoisisitiza kuliko zote ni sentensi inayotaja utalipa kiasi gani kila mwezi. Maelezo mengine yote yapo ili kumwonyesha msomaji kwamba tarakimu ile haikuokotwa.

Kabla ya kuifikia tulichukua taarifa ya deni na kuichambua. Watu wengi huangalia jumla peke yake. Jumla ya fundi wetu ilikuwa 960,000, lakini ndani yake kodi yenyewe ilikuwa 800,000, adhabu ya kuchelewa 80,000 na riba 80,000. Inafaa kuzitenganisha, kwa kuwa ombi la kusamehewa adhabu huwa na masharti yake, na mara nyingi huamuliwa na mtu mwingine. Ukiyachanganya maombi mawili katika aya moja, unaweza kujibiwa moja tu. Sisi tuliliweka la adhabu kwenye barua ya pili.

Pia nilimuuliza: unakubali kwamba unadaiwa 800,000? Alikubali. Angekuwa na ubishi, ningemshauri awasilishe pingamizi ndani ya muda uliotajwa kwenye hati ya makadirio, maana kuomba awamu hakusimamishi muda huo, na barua inayosema "nakiri kudaiwa" inaweza kusomwa dhidi yako baadaye. Ukibisha sehemu tu ya deni, omba awamu kwa ile usiyoibishia na useme wazi kwamba iliyobaki unaipinga.

Halafu ritani. Alikuwa na moja ambayo hakuiwasilisha, akihofia kwamba itamwongezea deni. Tuliiwasilisha kwanza. Ofisi ya kodi haiwezi kupanga malipo ya deni ambalo haijui linaishia wapi, na ombi la mtu mwenye ritani pungufu kwa kawaida hurudishwa bila hata kusomwa hadi mwisho.

Sasa tarakimu. Fundi alitaka kuahidi 320,000 kwa mwezi, amalize kwa miezi mitatu. Ni ahadi ya mtu mwenye aibu ya deni. Naielewa, lakini ndiyo inayowaangusha wengi. Tulikaa na taarifa zake za benki za miezi sita na kutazama kilichobaki kila mwezi baada ya mbao, kodi ya karakana, mishahara na matumizi ya nyumbani: 210,000, 340,000, 150,000, 260,000, 120,000 na 300,000. Wastani ni 230,000, na yeye akasema basi tuandike hiyo. Nikamwomba aangalie mwezi wa tano. Ulibaki na 120,000. Mpango wa awamu hauvunjwi na miezi mizuri, huvunjwa na ule mmoja mbaya, na katika mipango mingi awamu moja ikikosekana makubaliano yote yanaweza kufutwa na salio zima kudaiwa papo hapo.

Kwa hiyo tulianzia kwenye 120,000. Tukatoa 30,000 za kutenga kwa ajili ya kodi ya mwaka unaoendelea, kwani sharti la kawaida la mipango hii ni kwamba kodi mpya zilipwe kwa wakati. Ukilipa deni la zamani kwa fedha za kodi ya sasa, utakuwa umelihamisha deni tu. Ikabaki 90,000. Yule mteja mchelewaji alikuwa amelipa sehemu, hivyo fundi aliweza kutanguliza 240,000. Salio likawa 720,000, sawa na awamu nane za 90,000. Riba tuliihesabu kwa asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, ikafika 32,400, ambayo tuliiwekea awamu ya tisa. Kiwango cha kwako kitakuwa kwenye taarifa ya deni lako; muhimu ni kuionyesha, ili afisa aone unajua kwamba riba haisimami kwa sababu umekubaliwa awamu.

Barua mpya haikuzidi ukurasa mmoja. Chini ya "YAH: OMBI LA KULIPA DENI LA KODI KWA AWAMU" tuliweka namba ya mlipakodi, aina ya kodi, mwaka unaohusika na kumbukumbu namba ya taarifa ya deni. Ile "Husika na kichwa cha habari hapo juu" tuliiacha, tukaingia moja kwa moja:

"Nadaiwa 960,000 za kodi ya mapato. Leo nimelipa 240,000, stakabadhi imeambatishwa. Naomba kulipa salio la 720,000 kwa awamu nane za 90,000 kila tarehe 5, na riba itakayoongezeka kwa awamu ya tisa."

Sababu zilifuata, aya moja tu: tarehe ambayo mteja alipaswa kulipa, tarehe aliyolipa, kiasi kilichobaki, na nakala ya ankara. Ugonjwa ulipata sentensi moja na barua ya hospitali. Kuueleza kwa kirefu hakuongezi uzito, kiambatisho huongeza. Mwisho tuliambatisha hesabu ya ile miezi sita, pamoja na ule mwezi mbaya.

Lingekuwa deni la kodi aliyowakata wafanyakazi mishahara, au kodi ya ongezeko la thamani aliyokwisha kupokea kwa wateja, ningeandika kwa tahadhari zaidi. Hizo ni fedha za wengine zilizopita mkononi mwake, na "sikuwa na fedha" huko ni maelezo dhaifu. Hapo tangulizo huwa kubwa na muda mfupi.

Alipeleka nakala mbili, ya kwake ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu lilichelewa. Tarehe 5 ilipofika aliniuliza kama asubiri, nikamwambia alipe kama alivyoandika, kwa sababu malipo yaliyofika kabla ya jibu ndiyo ushahidi bora wa ombi lenyewe. Jibu lilipokuja, lilikubali awamu zote tisa.

Mwezi wa tatu salio halikushuka. Fedha zilikuwa zimetoka benki, lakini wakati wa kulipa alikuwa amechagua mwaka wa sasa badala ya mwaka wa deni, kwa hiyo kwenye leja awamu ilionekana haijalipwa. Aligundua mapema kwa kuwa alikuwa akiomba taarifa ya salio kila baada ya malipo. Aliandika mistari mitatu kuomba malipo yahamishiwe mwaka sahihi, akaambatisha stakabadhi, na mwezi uliofuata leja ikasoma 360,000, kama jedwali letu.