Rezista mbili kabla ya kwenda saiti

Cheti cha ugezi kinaeleza kifaa kilikuwaje siku kilipopimwa maabara. Hakijui waya uliobanwa na mlango wa gari wiki iliyopita. Ndiyo maana tunawashauri wakaguzi wa umeme wajaribu vifaa vyao kwa rezista sanifu kabla ya kutoka, tena kwa thamani mbili zilizo mbali.

Chukua kipima athi. Badala ya fimbo, unganisha rezista ya 10 Ω: taminali ya E upande mmoja, za S na H upande wa pili. Kinaonyesha 10.35. Tuseme kitabu chake kinaruhusu kosa la asilimia 2 pamoja na 3 kwenye tarakimu ya mwisho, yaani 0.20 na 0.03, jumla 0.23. Kimevuka, lakini usikikatae bado. Weka rezista ya 1 Ω. Kikionyesha 1.35, kilichoongezeka ni kile kile 0.35, na hiyo ni dalili ya waya wa E au klipu yenye kutu, kwa kuwa katika muunganisho wa taminali tatu ukinzani wa waya huo hujumlishwa. Tumia taminali nne, ES ikiwa na waya wake hadi kwenye rezista, na ongezeko litatoweka. Lakini kikionyesha 1.03, kosa linakua pamoja na thamani, na tatizo liko ndani ya kifaa. Angalia jambo hili: 1.03 peke yake ingepita, maana kwa 1 Ω kinachoruhusiwa ni 0.05. Aliyejaribu kwa rezista ya 1 Ω tu angeondoka na kifaa kibovu.

Kwa kipima insulesheni, maarufu kama mega, kasoro nayo hujificha kwenye thamani ndogo. Kwa volti 500, rezista ya 1 MΩ inasomeka 1.00, lakini ya 100 MΩ inasomeka 83. Kuna njia ya pembeni ya takriban 500 MΩ inayopitisha mkondo sambamba na rezista; kwa 1 MΩ, njia hiyo hupunguza asilimia 0.2 tu. Mara nyingi ni unyevu au uchafu kwenye waya, au vidole vya anayepima. Ondoa rezista, ning'iniza ncha za waya zikiwa mbali moja na nyingine bila kuzigusa, kisha pima. Kifaa kizuri kitaonyesha kimevuka upeo. Kikisoma karibu 500 MΩ, futa waya kwa spiriti, uache zikauke, urudie.

Rezista yenyewe nayo iwe ya kustahimili volti hizo. Nyingi ndogo za kawaida hazifiki 500, na zikizidiwa thamani yake huhama. Ukitengeneza ya 1 MΩ mwenyewe, unganisha mfululizo kumi za 100 kΩ. Kila moja itabeba volti 50 tu. Zifunike, maana ncha zake zina volti 500 wakati wa kupima.

Kwa nyaya zinazotakiwa kufikia angalau 1 MΩ, uvujaji kama huo hautabadilisha uamuzi. Utamdanganya anayelinganisha usomaji wa leo na wa mwaka jana: ataona kebo inazeeka, kumbe ni waya za kifaa zimelowa.