Kukwangua masizi hakumalizi kazi: tunayodanganyana kuhusu nyama choma

Shemeji yangu mmoja ana kisu chake cha nyama choma, kidogo hivi, kazi yake ni moja tu, nyama ikishuka jikoni anakwangua vile vyeusi vyote anatupa pembeni afu anakula kwa amani, anasema "kansa nimeshaitupa hapo". Na ni huyohuyo anayebanika mbavu za mbuzi moto ukiwa unawaka kabisa chini ya wavu, mafuta yakidondoka miali inapanda mpaka juu ya nyama, yeye anacheka anasema ndo inakolea. Nimemwambia mara kadhaa hasikii, na hayuko peke yake, kwa hiyo wadau ngoja niandike.

"Sumu iko kwenye cheusi, ukikikwangua umemaliza"

Hii ni nusu ukweli, na nusu iliyobaki ndo yenye shida. Nyama ikichomwa kuna vitu viwili tofauti vinatengenezwa na watu wanavichanganya.

Cha kwanza kinazaliwa kwenye nyama yenyewe. Mnofu wowote, wa ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku, hata samaki, una kitu kinaitwa kriatini pamoja na vipande vya protini, sasa hivyo vikipata joto kali, kuanzia kama nyuzi 150 kwenda juu, vinaungana na kutoa kemikali zinazoitwa amini za heterosaikliki. Jina gumu, mi nitaziita sumu za joto. Cha pili kinatoka kwenye moshi: mafuta yanadondokea kaa la moto, yanaungua vibaya, moshi unapanda na masizi yanaganda kwenye nyama. Hizo ni sumu za moshi, na inayojulikana zaidi ni benzopaireni, ambayo imo pia kwenye moshi wa sigara.

Mambo haya yalianza kufuatiliwa sana miaka ya 1970 huko Japani, mtafiti wa saratani Takashi Sugimura na wenzake walichukua samaki wa kuchoma, wakapima moshi wake na ile ngozi iliyoungua, wakakuta vinaharibu vinasaba vya bakteria maabara.

Sasa kisu cha shemeji kinatoa nini? Masizi yanatoka, na ule mkaa wa nyama unatoka, hiyo ni faida kweli, endelea kukwangua. Lakini sumu za joto zinaanza kujitengeneza kabla nyama haijawa nyeusi, ziko kwenye lile ganda la kahawia lililokauka, lile tamu kabisa ambalo hakuna mtu atalikwangua. Yani kipande kilichokaa motoni mpaka kikawa kikavu kama kamba kinaweza kuwa nazo nyingi hata kama hakina doa jeusi hata moja.

"Shida ni mkaa, mi natumia gesi au kikaango niko salama"

Mkaa uliokolea vizuri, wenye jivu jeupe juu, hautoi moshi mwingi wenyewe. Moshi mbaya unaletwa na mafuta ya nyama yanayodondoka, na mafuta yakidondokea chuma cha moto cha jiko la gesi yanafanya kilekile. Kikaango ndo kabisa, moshi unapungua kweli, ila nyama imelala kwenye chuma cha moto moja kwa moja kwa hiyo sumu za joto zinajitengeneza vizuri tu. Steki iliyokaangwa mpaka ikakauka haina cha kuichekea nyama choma.

Mkaa una kosa pale unapobanika kabla haujakolea, au ukiuwasha na mfuko wa plastiki, au mtu anaongezea mbao zilizopakwa rangi. Hapo unakula vitu ambavyo havina uhusiano wowote na mbuzi.

"Kuloweka na viungo ni ladha tu"

Hapana, na hapa ndo panaponoga. Vitunguu swaumu, vitunguu maji, ndimu, rozmeri, vyote vimepimwa na vinapunguza sumu za joto, mara nyingine kwa kiasi kikubwa. Sababu ni mbili. Kwanza viungo vina kemikali zinazozuia ule muungano usifike mwisho. Pili ni unyevu: uso wa nyama ukiwa na maji hauwezi kupanda sana zaidi ya nyuzi 100, maji yote yanakwenda kuwa mvuke kwanza, ukikauka tu joto linapaa. Kwa hiyo rojo la viungo linakununulia muda. Wareno walijaribu hata bia, wakaloweka nyama ya nguruwe saa 4 kisha wakaichoma kwenye mkaa, bia nyeusi ikapunguza zile sumu za moshi zaidi ya nusu. Wanywaji mmesikia, ila bia ni ya kwenye bakuli.

Kuna makosa mawili ya kuloweka. La kwanza ni sukari: asali, tomato sosi, zile sosi tamu za chupa. Sukari inaungua haraka kuliko nyama na inaweza hata kuongeza sumu za joto badala ya kupunguza. Ukitaka utamu pakaza dakika mbili za mwisho. La pili ni mafuta, mtu anamwaga nusu kikombe kwenye rojo, nyama ikifika kwenye wavu inadondosha mafuta kabla hata haijaanza kuiva. Vijiko viwili vinatosha kwa kilo mbili, na rojo lililozidi likung'ute kabla ya kubanika.

Wale wa papai bichi kwenye mishikaki, papai linalainisha kweli, lakini nusu saa mpaka saa moja basi. Ukililaza usiku kucha nyama ya juu inakuwa kama uji, inang'ang'ania wavu, inachanika na ndo inayoungua mwanzo. Halafu usidhani rojo linaingia mpaka katikati, linaingia milimita chache tu. Kinachoingia ndani ni chumvi, ndo maana wachomaji wa Nairobi wanaochoma mbuzi kwa chumvi peke yake nyama yao inakuwa na ladha mpaka mfupani.

"Anza na moto mkali ili ufunge juisi, na usigeuzegeuze"

Juisi haifungwi na chochote, lile ganda linavuja, sikiliza tu ile sauti ya kuchachatika baada ya ganda kutokea, hayo ni maji yanatoka. Na kugeuza mara moja tu ni mbaya zaidi kwa sababu upande wa chini unakaa unapanda joto bila kupumzika. Watafiti walipima kwenye chapati za nyama ya kusaga, zile za baga, zilizogeuzwa kila dakika zilikuwa na sumu za joto kidogo sana kuliko zilizogeuzwa mara moja, na zikaiva haraka pia. Kwa hiyo geuza bana, muuza mishikaki anayezungushazungusha mshikaki wake anajua anachofanya.

"Kitimoto lazima iungue ndo minyoo ife"

Minyoo haiuliwi na weusi, inauliwa na joto la katikati. Nguruwe ikifika nyuzi 71 ndani umemaliza, kuku 74. Unaweza kuwa na kipande cheusi nje na kibichi ndani, tena ndo kawaida ya moto mkali. Ila pia msiniletee habari za kula nguruwe au kuku nusu mbichi kwa kukwepa kansa, tegu na salmonela hawasubiri miaka 20.

"Nyama choma ni sawa na sigara"

Hii ilisambaa baada ya Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka nyama za kusindikwa (soseji, bekoni, hizo) kundi la 1, kundi ambalo sigara imo. Watu wakasoma wakaona sawasawa. Lakini makundi yale yanasema ushahidi una uhakika kiasi gani, hayasemi hatari ni kubwa kiasi gani. Nyama nyekundu iko kundi la 2A, yani inaelekea inasababisha. Na panya wa maabara waliopata saratani kwa sumu za joto walipewa dozi kubwa mara maelfu kuliko anayokula mtu. Kwa binadamu matokeo ya utafiti wa hizo sumu za joto hayajakubaliana. Kwa hiyo mbuzi wa mara moja kwa mwezi sio wa kumkosesha mtu usingizi, anayekula choma iliyoungua kila wikiendi na soseji kila asubuhi huyo ana sababu ya kubadilisha namna anavyochoma.

Sasa nilivyofanya mimi Jumapili, mbavu za mbuzi kilo 2. Nilitoa yale mapande ya mafuta meupe ya nje, mengine nikaacha kwa ladha. Nikachemsha kwa chumvi na tangawizi dakika 25, mbuzi alikuwa mdogo, beberu mzee mpe hata 40. Najua kuna wanaosema kuchemsha ni uhuni, lakini ile kriatini inatoka na maji, inabaki kidogo kwenye nyama itakayokutana na moto, na muda wa motoni unapungua. Supu tulikunywa, kriatini yenyewe haina kosa, kosa ni joto kali. Baada ya hapo kitunguu swaumu kichwa kizima kilichotwangwa, ndimu 2, pilipili manga, mafuta vijiko viwili, ikakaa saa moja.

Mkaa nikausogeza wote upande mmoja wa jiko, nikasubiri uwe mweupe. Upande wa pili chini nikaweka sinia la bati lenye maji kidogo, mbavu zikakaa juu ya sinia, sio juu ya mkaa, mafuta yakawa yanadondokea maji. Moto unaupima na kiganja: weka mkono pale nyama inapokaa, ukivumilia sekunde 5 au 6 ni sawa, ukitoa baada ya 2 ni mkali mno, tawanya makaa au inua wavu. Nikawa nageuza kila baada ya dakika chache, kama dakika 25 hivi, mwisho nikazipitisha juu ya makaa dakika moja kila upande zipate rangi. Mara mbili miali iliwaka, ukiona hivyo sogeza nyama, usimwage maji, jivu lote litaruka likae kwenye mbavu.

Shemeji alikuja na kisu chake. Akageuza ubavu huku na huku anatafuta cheusi, akakosa, akaniuliza kama kweli nimechoma au nimepika kwenye oveni. Afu akala mbavu sita.