Dashibodi ya mwezi ikiwa kijani huku viporo vinaongezeka

Tuchukue mpango uliozinduliwa kwa lengo moja: asilimia 90 ya maombi ya wateja yajibiwe ndani ya siku 5. Mwezi wa kwanza yanapokelewa maombi 400 na kujibiwa 300. Kati ya hayo 300, 270 yamejibiwa kwa wakati. Mwandaaji wa ripoti anagawanya 270 kwa 300, anapata asilimia 90, na kisanduku cha dashibodi kinapakwa kijani. Mwezi wa pili na wa tatu hesabu ni ileile.

Yale 100 yasiyojibiwa kila mwezi, yaani viporo, hayaonekani popote. Mwisho wa mwezi wa tatu yamefika 300, na mkutano wa tathmini bado unapongezana.

Kosa liko kwenye kigawanyo, kwa sababu kiashiria kinahesabu maombi yaliyojibiwa tu. Kuna ubaya zaidi. Mwezi wa nne wahusika wakijibu 300 kama kawaida na pia kujibu viporo 150, hesabu inakuwa 270 kwa 450, yaani asilimia 60. Dashibodi inageuka nyekundu mwezi ambao kazi kubwa zaidi imefanyika. Mtumishi anayepimwa kwa kiashiria hicho hujifunza haraka kuliacha jalada la zamani lilale, na sioni sababu ya kumlaumu.

Tiba yake ni kugawanya kwa maombi yote yaliyopokelewa mwezi huo: 270 kwa 400, asilimia 67.5. Ila ombi lililoingia siku ya mwisho ya mwezi lina haki ya siku zake 5, hivyo jedwali lisifungwe tarehe 1; tarehe 7 inatosha.

Hata hivyo asilimia peke yake haitoshi. Jedwali la ukurasa mmoja liwe na safu nne: maombi yaliyopokelewa, asilimia iliyojibiwa kwa wakati, idadi ya viporo mwisho wa mwezi, na umri wa kiporo kikongwe kuliko vyote. Hiyo ya mwisho ndiyo huwatia watu joto mkutanoni, maana wastani unaweza kulificha ombi la siku 80. Mbele ya kila safu andika shabaha, hali ilivyokuwa kabla ya uzinduzi, mwezi uliopita, mwezi huu, na jina la atakayechukua hatua. Mipaka ya rangi iandikwe kabla ya takwimu kuingia; ikipangwa baadaye, njano hupanuka kila mwezi.

Namna ya kuhakiki viporo ni rahisi: viporo vya mwezi uliopita, jumlisha yaliyopokelewa, toa yaliyojibiwa. Jibu lisipolingana na majalada yaliyo wazi kwenye rejista, kuna maombi yamefungwa bila majibu au yameandikwa mara mbili, na ni afadhali kuyasaka hayo kabla ya kujadili asilimia yoyote.