Mbao zimeungua Mafinga: dhana potofu kuhusu notisi ya usuluhishi

Tuchukue mfano wa mwenye yadi ya mbao Mafinga. Amekatia shehena yake bima ya moto ya shilingi milioni 120, na moto umemtia hasara ya milioni 84. Mtathmini wa kampuni anadai siku ya moto yadi ilikuwa na mali ya milioni 180, kwa hiyo bima haikutosha na fidia inapunguzwa kwa uwiano: 84 mara 120 gawanya kwa 180, yaani milioni 56. Mwenyewe, kwa vitabu vyake, anasema mali ilikuwa ya milioni 126, na hesabu ileile inampa milioni 80. Sasa anataka kuipelekea kampuni notisi ya usuluhishi, yaani barua ya kutaka mgogoro huo uamuliwe na wasuluhishi.

Dhana: Kwa kuwa ugomvi unatokana na kipengele cha bima pungufu, hicho ndicho cha kutaja kwenye notisi.

Hicho kinaeleza mnagombania nini. Kinachompa haki ya kuwaita wasuluhishi ni kifungu cha usuluhishi, ambacho mara nyingi kimejificha nyuma ya hati ya bima, kwenye masharti ya jumla. Namba yake hutofautiana kati ya hati na hati, kwa hiyo asinakili notisi ya jirani. Aandike namba ya hati na ya dai, anukuu kifungu hicho, kisha aeleze mgogoro kwa ufupi: "Mmekubali kuwajibika, tunatofautiana juu ya thamani ya mali siku ya moto, ninyi milioni 180, mimi milioni 126." Baada ya hapo amtaje msuluhishi anayempendekeza na aitake kampuni imteue wa kwake ndani ya muda uliowekwa na kifungu.

Hayo maneno "mmekubali kuwajibika" yana uzito. Vifungu vingi vya usuluhishi kwenye bima ya moto vinahusu kiasi cha fidia tu, pale kampuni inapokiri kwamba inapaswa kulipa. Kama barua yao ingesema hawalipi kabisa, tuseme kwa sababu ya waya mbovu uliofichwa wakati wa kukata bima, kifungu cha namna hiyo kisingemsaidia. Kwa hiyo barua yao ya milioni 56 aiambatishe, ndiyo ushahidi wa kukiri.

Dhana: Nimeshalalamika kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, inatosha.

Majina yanafanana, njia ni mbili. Ile ni ofisi ya umma inayopokea malalamiko ya wateja. Usuluhishi wa kwenye hati unatokana na mkataba wenyewe, na unaongozwa na Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020. Lalamiko la kule si notisi kwa kampuni.

Dhana: Tukiendelea kuzungumza, muda unasimama.

Hausimami wenyewe. Baadhi ya hati husema kampuni ikikataa dai na miezi 12 ikapita bila hatua, dai limeachwa. Wakala wa Iringa akikuambia "subiri, Dar wanalishughulikia", mwombe kampuni yenyewe iandike kwamba inaongeza muda hadi tarehe fulani. Isipoandika, peleka notisi kwa anwani iliyo kwenye hati, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.